Saa ya Tangazo na Saa ya Bomba Lako

Tangazo la kukatika kwa maji huwa fupi. Tujitungie moja la mfano, kama yale yanayobandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa jijini Dar es Salaam na kusambazwa kwenye simu:

"TAARIFA KWA WATEJA. Kutakuwa na ukosefu wa huduma ya maji Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kupisha matengenezo ya bomba kuu litokalo mtambo wa Ruvu Chini. Maeneo yatakayoathirika: Bunju, Tegeta, Kawe, Makongo na maeneo jirani. Tafadhali hifadhini maji ya kutosha. Kwa maelezo zaidi, piga simu kituo cha huduma kwa wateja au fika ofisi ya maji iliyo karibu nawe."

Jumamosi inapita. Usiku, mtu wa Kawe, karibu na bahari, anasikia bomba lake likikoroma, kisha maji yanatoka. Wa Makongo Juu, kule mlimani, anafungua koki Jumapili alfajiri na hapati hata tone. Wote wawili wamesoma tangazo lile lile. Kwa nini mmoja anaoga na mwingine anatafuta dumu la kununua?

Jibu lipo kwenye chupa tupu ya maji. Itoboe kwa msumari matundu matatu ubavuni: moja chini, moja katikati, moja karibu na shingo. Sasa mimina maji kidogo kidogo. Tundu la chini litaanza kuvuja peke yake. Ukiendelea kumimina kwa kasi ile ile linayovuja nayo, maji hayatapanda kamwe, na matundu ya juu yatabaki makavu kutwa nzima. Ili la juu lipate, lazima umimine zaidi ya kile kinachotoka chini. Kawe ni tundu la chini. Makongo Juu ni tundu la shingoni.

Chupa inaonyesha jambo la pili pia. Ikijaa, tundu la chini ndilo linalotoa maji kwa kasi kubwa zaidi, kwa sababu limebeba uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Kila mita 10 za kimo cha maji huongeza msukumo wa takriban baa 1. Nyumba iliyo mita 40 juu ya jirani yake inapungukiwa baa 4 kabla hata ya kufungua koki.

Sasa turudi kwenye saa 12 jioni. Mara nyingi hiyo ni saa ambayo mafundi wanatarajia kumaliza kuchomelea na kuwasha pampu. Wakati huo, kipande cha bomba walichokifanyia kazi ni kitupu, maana bomba halichomelewi likiwa na maji. Vali za pande mbili zilifungwa na maji ya katikati yakamwagwa. Mahali pa maji pakaingia hewa.

Hewa hiyo ndiyo inayowafanya mafundi wasiwe na haraka. Maji yakiachiwa kwa nguvu, hewa hubanwa kwenye vilele vya bomba, pale linapopanda na kushuka kufuata ardhi. Ikipata upenyo wa ghafla inatoka yote kwa mkupuo, na maji yaliyokuwa yakiifuata nyuma yanagonga na kusimama. Kishindo hicho mafundi hukiita nyundo ya maji. Katika bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakisimamishwa ghafla huongeza msukumo wa takriban baa 10, sawa na kulibebesha bomba kimo cha mita 100 za maji kwa mara moja. Kiungo kichakavu hakivumilii. Ndiyo maana wakati mwingine bomba likitengenezwa leo, kesho yake linapasuka mtaa wa pili.

Kwa hiyo bomba hujazwa taratibu, kwa mwendo wa takriban mita 0.3 kwa sekunde, huku vali za kutolea hewa zikipumua. Tuseme kipande kilichomwagwa ni cha kilomita 5. Gawanya mita 5,000 kwa 0.3, unapata sekunde 16,667, yaani saa nne na dakika 38 hivi. Pampu ikiwashwa saa 12 jioni, bomba linajaa karibu saa 4:40 usiku, na hapo bado hatujafika nyumbani kwa mtu.

Linalofuata ni tenki la mlimani. Tuseme lina ujazo wa lita milioni 5, limekauka, na lazima lifike nusu ndipo wa juu wapate maji. Zinatakiwa lita milioni 2.5. Lakini usiku huo kila nyumba ya bondeni inajaza simtanki na ndoo zake kwa pamoja. Yakibaki ya kupanda tenkini lita 250,000 kwa saa, tutasubiri saa 10 nyingine, mpaka saa 2:40 asubuhi ya Jumapili. Hakuna aliyemdanganya wa Makongo. Saa aliyoisoma ni ya pampu, na bomba lake lina saa yake.

Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia uhifadhi kiasi gani. Kwa mahitaji ya msingi, hesabu lita 20 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano inahitaji lita 100, yaani ndoo tano kubwa. Aliye bondeni aweke za siku moja. Aliye mlimani, au mwisho wa mstari wa bomba, aweke za siku mbili.

Wakati maji yamekatika, funga koki zote, na usiache mpira umezama kwenye beseni la nguo. Bomba linapomwagwa upande wa chini, upande wa juu hubaki na mvuto, kama mrija unaofyonzwa, na maji ya sabuni yanaweza kurudi ndani. Kwa njia hiyo hiyo, palipo na ufa, maji machafu ya ardhini hupenya kwenye bomba ambalo siku zote huvuja kwenda nje. Koki iliyofungwa ina faida nyingine: hewa inayosukumwa na maji yanayorudi inaweza kuizungusha mita yako.

Maji ya kwanza yakiwa ya kahawia, ni kutu na tope lililokuwa limetulia chini ya bomba, likachokozwa na mwendo mpya. Yakinge kwa kudekia na kufulia matambara, subiri yatakate, na ya kunywa yachemshe hata yakionekana safi.

Imebaki ile simu ya huduma kwa wateja. Kabla hujapiga, muulize kwanza jirani aliye chini yako. Naye akiwa hana maji, huenda bomba bado linajazwa. Akiwa nayo ya kutosha tangu jana nawe huna, huenda maji hayajapanda tenkini, au kuna vali ya mtaa wenu iliyosahauliwa ikiwa imefungwa. Na kama yalianza kutoka kwa nguvu kisha yakanywea mtaa mzima, shuku mpasuko, utazame palipolowa barabarani. Mpe anayepokea simu jina la mtaa, namba ya mita na jibu la jirani. Ukisema tu "hatuna maji", fundi atalazimika kuanza kutafuta tangu Ruvu.