Usiku wa Ijumaa Ni Upi? Mafunzo Niliyopata kwa Kupanga Zamu

Nilipanga zamu za wauguzi, wakunga na wafanyakazi wa usafi kwa miaka kadhaa katika hospitali moja ya kusini mwa Maniema, katika pande za Kasongo na Kabambare. Mabadiliko makubwa niliyowahi kuyatangaza yalikuwa ya wodi ya uzazi. Zamu zilikuwa zikipokezana saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Tulitaka zipokezane saa kumi na mbili, kwa sababu kwetu jua hutua muda mfupi baada ya saa hiyo, na akina mama waliotoka kazini saa mbili usiku walitembea gizani njia ambazo hata mwanamume huziogopa. Sababu ilikuwa njema, na kila mtu aliikubali. Hata hivyo juma la kwanza lilivurugika, na kosa lilikuwa katika karatasi niliyoiandika mimi mwenyewe.

1. Saa iandikwe kama inavyotamkwa

Niliandika «6h–18h», kwa mtindo wa Kifaransa tuliofundishwa shuleni. Muuguzi aliyezoea fomu za hospitali hakusumbuka. Lakini habari za zamu haziwafikii watu wote kwa macho. Sentineli wa langoni aliisoma karatasi, akamwambia mfanyakazi wa usafi: utaanza saa sita. Saa sita ya Kiswahili ni adhuhuri. Yule baba alifika jua likiwa utosini, na mwenzake aliyekesha alikuwa bado anamsubiri, ufagio mkononi, tangu alfajiri.

Hatari ya namba kama hii ni kwamba husomwa kwa njia mbili, na zote mbili zina maana. Ukimwambia mtu «saa sita», hashtuki wala haulizi, maana saa hiyo ipo na watu hufanya kazi. Ndiyo maana kosa halijulikani mpaka siku yenyewe. Tangu hapo niliandika kwa maneno: «saa kumi na mbili asubuhi», kisha kando yake 6h kwa ajili ya ripoti za ofisi. Kabla ya kubandika nilimpa karatasi mtu asiyehusika na wodi, nikamwomba anieleze kwa mdomo nani anaingia lini. Akikosea, karatasi ndiyo yenye kosa.

2. Usiku una tarehe mbili

Hili liliniumiza zaidi. Nilikuwa nimeandika kwamba mkunga fulani ana gardi «usiku wa Ijumaa». Mimi nilimaanisha usiku unaoanza Ijumaa jioni. Yeye ni Mwislamu, kama wengi wa Kasongo tangu enzi za Tippu Tip, na kwa Kiswahili alicholelewa nacho siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwake ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi katika lugha. Alhamisi tukawa na wakunga wawili, na Ijumaa hatukuwa na hata mmoja, mpaka sentineli alipokuja kwa pikipiki kunigongea mlango. Nilipofika, mama mjamzito alikuwa na mwanafunzi wa uuguzi peke yake. Alijifungua salama, lakini sikuisahau sura ya yule mwanafunzi.

Dawa yake ni ndogo. Kila zamu ya usiku iandikwe na siku mbili na tarehe mbili: «kuanzia Alhamisi tarehe 5 saa kumi na mbili jioni, hadi Ijumaa tarehe 6 saa kumi na mbili asubuhi». Safu inakuwa ndefu na karatasi inajaa. Acha ijae.

3. Sababu ielezwe kwa hesabu ambayo kila mtu anaweza kuirudia

Mwezi wa Juni, tulipobandika karatasi mpya, tulikuwa pia tumepungukiwa. Kati ya wakunga watano, mmoja alikuwa katika likizo ya uzazi, ambayo kwa sheria ya kazi ya Kongo ni majuma 14, na mwingine alipelekwa Kabambare kwa majuma mawili ya chanjo ya surua. Hapo sikuwa na haja ya kumshawishi mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1981 juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto ulifanyika hapa hapa Kasongo, na wazee wa hospitali bado huutaja.

Nilichohitaji kueleza ni kwa nini nilimwazima mkunga mmoja kutoka kliniki ya wajawazito, jambo ambalo wenzake wa huko hawakulipenda. Nikachukua chaki. Majuma mawili yana mchana 14 na usiku 14, jumla zamu 28 za saa 12. Tukiwa watatu, kila mmoja anapata zamu tisa na kitu, karibu saa 56 kwa juma, wakati sheria ya mwaka 2002 inataja 45. Tukiwa wanne, ni zamu saba kwa kila mtu, saa 42 kwa juma. Wenyewe wakahesabu, manung'uniko yakapungua. Kama ningesema tu «kwa mahitaji ya huduma», kila mtu angetafuta sababu yake, na angeipata katika kabila au urafiki.

4. Kubadilishana zamu kuna mipaka, na mpaka mmoja ni wa haki

Kanuni zetu zilikuwa hizi. Mkunga hubadilishana na mkunga, si na muuguzi wa kawaida. Wote wawili hutia sahihi katika daftari moja, nami natia ya tatu, saa 48 kabla ya zamu. Mpaka sahihi ya tatu iwepo, aliye kwenye karatasi ndiye mwenye zamu. Zamu uliyopewa na mwenzako humpi mwingine: wa kwanza akimwachia wa pili, na wa pili akimwachia wa tatu, asipofika mtu hakuna wa kuulizwa. Kabla ya kutia sahihi niliweka kidole kwenye jina, nikatazama zamu iliyotangulia na inayofuata. Kama zinagusana, mtu huyo atafanya saa 24 mfululizo, na hapo nilikataa hata wakiniomba wote wawili.

Tena zamu hulipwa kwa zamu, ndani ya mwezi ule ule, si kwa pesa. Niliwahi kuona kijana ambaye hakuwa bado kwenye orodha ya mishahara ya serikali akinunuliwa gardi moja baada ya nyingine na wakubwa wake. Kwa mwezi mzima karibu hakulala nyumbani. Alihitaji pesa, kwa hiyo hakulalamika. Katika daftari ilionekana kama makubaliano, na kwa muda mrefu nami nilitia sahihi bila kuhesabu jina lake limerudi mara ngapi.

5. Namba moja ya simu haitoshi

Kwetu mtandao hukatika, na simu huzima kwa kukosa chaji. Chini ya karatasi tuliandika namba mbili za mitandao tofauti, za shefu wa wodi na za msaidizi wake, kisha sentineli wa langoni, ambaye ana daftari la ujumbe na anajua kila mmoja anakaa mtaa gani. Ujumbe uliotumwa bila kujibiwa haukuhesabiwa kuwa umefika.

Karatasi iliyofanya kazi hatimaye ilisomeka hivi:

«Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Juni, zamu za wodi ya uzazi zinapokezana saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ili anayetoka afike nyumbani kabla ya giza. Anayeingia afike nusu saa kabla, kwa makabidhiano. Mpaka Jumapili tarehe 15 tuko wakunga wanne, zamu saba kila mmoja. Kubadilishana: daftari la shefu, saa 48 kabla. Ukishindwa kuja ghafla: piga simu, usipopata jibu, tuma mtu kwa sentineli.»