Mama Anayenyonyesha: Ale Nini, na Maziwa Yanaongezwa na Nini?

Akina mama wa Handeni na Korogwe wanaouliza kuhusu kunyonyesha huwa na hofu mbili kwa pamoja: wao wenyewe wameishiwa nguvu, na maziwa wanaona hayatoshi. Kwa kawaida wanadhani dawa ya yote mawili ni moja, yaani kula. Lakini chakula kinarudisha nguvu za mama, na maziwa yanaongezwa zaidi na jambo lingine. Maswali yafuatayo yanaonyesha tofauti hiyo.

Shikamoo daktari. Niko Kabuku, Handeni. Mtoto wangu wa kwanza ana wiki sita. Mwanzoni matiti yalijaa mpaka yanavuja, sasa yamelegea. Jioni mtoto ananing'ang'ania kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku, na akitolewa analia. Nyumbani wanasema maziwa yamekwisha. Juzi nimeanza kumpa kikombe cha maziwa ya ng'ombe kila jioni. Kadi yake inaonyesha alizaliwa na kilo 3.0, wiki ya pili alikuwa 3.2, na wiki hii 4.3.

Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuandika uzito, maana jibu liko kwenye kadi hiyo. Kati ya wiki ya pili na ya sita mwanao ameongezeka kilo 1.1. Mtoto wa umri huo anayepata maziwa ya kutosha huongezeka kama gramu 20 hadi 30 kwa siku, na wako ameongezeka karibu gramu 40. Maziwa ya ng'ombe umeanza juzi tu, kwa hiyo uzito wote huo umetoka kwenye matiti yako.

Matiti kulegea karibu na wiki ya sita ni kawaida. Siku za mwanzo mwili unatengeneza maziwa bila kujua mtoto anahitaji kiasi gani, ndiyo maana yanajaa na kuvuja. Baadaye mwili unajifunza kipimo chake, na maziwa yanatengenezwa kulingana na mtoto anavyonyonya. Kunyonya mfululizo jioni nako ni tabia ya watoto wengi wachanga, hasa karibu na wiki ya tatu na ya sita wanapokua kwa kasi. Anavyonyonya sana leo ndivyo anavyoagiza maziwa ya kesho.

Hapo ndipo kikombe cha maziwa ya ng'ombe kinapoharibu. Akishiba kwa kikombe, jioni hiyo titi halikamuliwi, na titi lisilokamuliwa linapunguza kutengeneza. Baada ya wiki mbili au tatu maziwa yatakuwa yamepungua kweli, na watu watasema walikuambia. Tena maziwa ya ng'ombe ni mazito kwa tumbo na figo za mtoto wa umri huo na yanaweza kumsababishia upungufu wa damu. Kwa kuwa ni siku chache tu, yaache leo. Jioni mpe titi la kwanza mpaka alilegeze mwenyewe, umpe la pili, na akitaka umrudishe la kwanza. Usiruke kunyonyesha usiku, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Hesabu nepi zenye mkojo: sita au zaidi kwa saa 24 ni dalili nzuri. Baada ya wiki moja mpeleke apimwe tena.

Nimekuelewa kuhusu mtoto, lakini mimi mwenyewe nina njaa isiyoisha na kizunguzungu. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo, saa nane ugali na mlenda, usiku ugali tena. Nile nini?

Njaa yako ina sababu. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu hupata kama robo tatu ya lita kwa siku. Kutengeneza maziwa hayo kunahitaji karibu kalori 500 za ziada kila siku. Sehemu yake inatoka kwenye mafuta uliyoweka mwilini wakati wa ujauzito, nyingine lazima uile. Na wewe unarudi shambani, unachota maji, unatwanga.

Kalori 500 si sahani ya pili ya ugali. Ni kikombe kikubwa cha uji wa dona au ulezi uliotiwa vijiko viwili vya karanga zilizosagwa na sukari kidogo, pamoja na kiazi kitamu cha kati kilichochemshwa na ndizi moja mbivu. Vigawe: uji asubuhi badala ya chai ya rangi, kiazi na ndizi saa nne, kabla hujaanza kutetemeka kwa njaa. Mama wengi hushindwa kwa kuwa wanasubiri mlo mkubwa wa mchana. Mwili unaonyonyesha unahitaji kitu kila baada ya saa tatu au nne, hata kiwe kidogo.

Tatizo la pili la mlo wako ni kwamba karibu wote ni wanga. Ugali wa sembe, au wa muhogo, unakupa nguvu ya kutembea lakini haujengi mwili. Mchana pika ugali wa dona, na kando yake uwe na bakuli la maharage, kunde au mbaazi. Mlenda uendelee, lakini siku nyingine pika matembele, mchicha au kisamvu kwa karanga au tui la nazi, kwa kuwa mafuta hayo yanasaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo kwenye mboga. Dagaa wachache waliotafunwa wazima na mifupa yao wanakupa protini na madini ya kalsiamu. Ukipata mtindi kwa majirani wafugaji, kikombe kwa siku ni kizuri sana.

Usiku, makande ndiyo chakula ninachokipenda kuliko vyote kwa mama wa Handeni na Korogwe. Mahindi na maharage kwenye chungu kimoja vinakamilishana protini, na ukipika jioni yanabaki ya kesho asubuhi, siku ambayo mtoto hakukupa nafasi ya kushika mwiko. Yachemshe tena vizuri kabla ya kula. Ongeza nazi au karanga ukiwa nazo. Weka pia ndizi na maji karibu na kitanda kwa ajili ya usiku.

Jambo moja mama wengi hawaambiwi: mlo ukiwa duni, mwili wako kwanza humlinda mtoto. Kalsiamu na madini chuma kwenye maziwa hubaki karibu vilevile, ila wewe ndiye unayepungukiwa. Vitamini A na madini joto ni kinyume chake: usipovipata, na maziwa yako yanavikosa. Ndiyo maana nasisitiza chumvi yenye madini joto, mboga za majani, papai, embe la msimu na viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Kizunguzungu usikichukulie kuwa ni njaa tu. Kama ulitoka damu nyingi wakati wa kujifungua, nenda zahanati upimwe wingi wa damu, na uulize kuhusu vidonge vya kuongeza damu. Chai ya rangi iache ikae angalau saa moja mbali na mlo, kwa kuwa inazuia mwili kuchukua madini chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Chungwa baada ya chakula hufanya kinyume chake, na kwetu Tanga machungwa hayana uhaba yakiwa kwenye msimu.

Mwanangu, mimi ni bibi wa mtoto, niko Mombo. Sisi mkwe akijifungua tunampikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza ili maziwa yaje. Vijana wa siku hizi wanasema ni ushirikina. Nani mkweli?

Shikamoo bibi. Si ushirikina, endelea kumpikia. Uji ule una nguvu, una maji, una joto, na supu ya pweza ina protini nzuri. Lakini hakuna kitoweo kinachojaza titi ambalo mtoto halinyonyi. Supu ya maharage yenye ndimu inampa sehemu kubwa ya yale yale kwa bei ndogo, kwa hiyo usikope pesa kwa ajili ya pweza.

Msaada mkubwa zaidi unao wewe mwenyewe, bibi. Maziwa hutoka pale homoni inaposukuma, na wasiwasi, maumivu na uchovu huizuia kwa muda. Ukimwambia mkwe "maziwa yamekwisha" mbele ya watu, unamtia wasiwasi. Mchukulie ndoo ya maji, umpakulie chakula cha moto akiwa ananyonyesha, na umwangalie mtoto ili mama yake alale kwa saa moja mchana. Maji naye anywe kila akisikia kiu. Kunywa kupita kiu hakuongezi maziwa.

Naitwa kazini tena. Ninafanya kazi kwenye shamba la mkonge Korogwe, mtoto ana miezi mitatu. Tena maziwa yamepungua tangu nilipoanza vidonge vya uzazi wa mpango. Chakula ninakula vizuri. Nifanyeje?

Hapa chakula hakina kosa, kwa hiyo usitafute dawa jikoni. Rudi kliniki na pakiti ya vidonge uoneshe. Vidonge vyenye homoni mbili, mojawapo ikiwa estrojeni, vinaweza kupunguza maziwa. Vipo vya homoni moja vinavyofaa kwa anayenyonyesha, na njia nyingine kama kitanzi cha shaba. Usiache vidonge kabla ya kupewa njia mbadala, maana mimba wakati huu itaongeza mzigo wa lishe kwa mwili uliochoka.

Kuhusu kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayenyonyesha nafasi ya kumnyonyesha mtoto hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Omba nafasi hiyo mapema. Kama nyumbani ni mbali, kamua kwa mkono kabla ya kutoka: nawa mikono kwa sabuni, tumia kikombe cha mfuniko kilichochemshwa, na bonyeza nyuma ya eneo jeusi la titi, si kwenye chuchu. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kama saa nne kwenye sehemu yenye ubaridi, lakini kwenye joto la bonde la Pangani yatumike mapema zaidi. Mlezi ampe kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, ili mtoto asizoee chuchu ya plastiki na kulikataa titi. Kazini kamua tena mara moja au mbili ili matiti yasipoteze agizo lake. Ukirudi, mnyonyeshe mara nyingi usiku, na siku ya mapumziko usimpe chochote kingine ila titi.

Ni dalili zipi zinaonyesha kwamba hili si suala la chakula tena, bali la hospitali?

Mtoto ambaye hajarudisha uzito wake wa kuzaliwa ifikapo wiki mbili, au ambaye uzito umesimama kwenye kadi, apelekwe kliniki bila kusubiri tarehe iliyoandikwa. Mtoto aliyelegea, anayekataa kunyonya, mwenye homa, au anayekojoa mkojo mchache wa rangi ya manjano iliyokoza, apelekwe siku hiyohiyo. Kwa mama, titi lenye donge, wekundu na homa linahitaji matibabu, na wakati huo endelea kulinyonyesha au kulikamua, kwa kuwa kuliacha lijae kunazidisha uvimbe.