Siku 30 za kwanza za muuzaji mpya dukani

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi Mbagala Rangi Tatu, na Jumatatu anaanza kazi binti uliyemwajiri kuuza. Kwa mazoea ya wengi wetu, anakabidhiwa droo ya pesa siku hiyohiyo, nawe unakwenda Kariakoo kufuata mzigo. Wiki ya pili hesabu inapungua, mnaanza kutazamana vibaya, na mwezi hauishi ameondoka. Nakuomba ugeuze utaratibu: awajue watu kwanza, kisha bidhaa, na pesa aishike mwisho.

Kabla hajafika uandae nini? Karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi na mshahara. Sainini nakala mbili, kila mmoja abaki na yake. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, yaani saa saba na nusu kwa siku kama anafanya kazi siku sita. Mwandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa mshahara wa shilingi 300,000 ni 60,000, na unaweza kumkata yeye nusu, si zaidi.

Kuna gharama moja tunaisahau: nauli. Akipanda daladala ya shilingi 600 kwenda na nyingine kurudi, siku 26 zinamgharimu 31,200, na mshahara bado. Mpe karadha ya nauli, muandikiane, umkate kidogokidogo. Wengine huacha kazi mwezi wa kwanza kwa sababu hii tu, na huona haya kusema.

Wiki ya kwanza amjue nani? Mlinzi, dereva wa guta anayepeleka mizigo, majirani wanaokuchenjia noti, na zaidi ya wote mafundi wenye madeni kwenye daftari. Fundi atamjaribu mgeni: "Bosi wako ananijua, niandikie mifuko mitano ya saruji." Kwa hiyo mtambulishe mbele yao na useme wazi: "Huyu haruhusiwi kukopesha, deni ni kwangu tu." Ukisema wewe, hatalazimika kugombana na mteja.

Wiki ya pili ni ya bidhaa. Asimame pembeni yako, wewe uuze. Mweleze yale yanayokanganya: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jepesi kuliko 28. Siku ya 10 mpe orodha ya fundi akusanye vitu peke yake. Akikosea vitu viwili vitatu, rudia. Akikosea nusu ya orodha, usimpe droo bado, mwongeze siku.

Droo ianze siku ya 15, kwa saa chache, nawe ukiwepo. Mfundishe mashine ya EFD, ile inayotoa risiti ya TRA, na malipo ya lipa namba. Ujumbe wa malipo auangalie kwenye simu ya duka, kamwe si kwenye simu ya mteja, maana ujumbe wa uongo hutengenezwa.

Jioni hesabuni pamoja. Mfano: mlianza na chenji 50,000, daftari linaonyesha mauzo taslimu 187,500, na mlimlipa mtu wa guta 6,000. Droo inapaswa kuwa na 231,500. Mmekuta 229,500; zimepungua 2,000. Usipandishe sauti. Fungua simu ya duka: mteja mmoja alimalizia 2,000 kwa lipa namba, na muuzaji wako akaandika zote taslimu. Pesa ipo, kosa ni la kuandika. Mkihesabu kila jioni mtalikumbuka. Mkisubiri Jumamosi, ataonekana mwizi.

Na ikipotea kweli? Huwezi kumkata tu. Sheria inataka ithibitike kosa ni lake, apewe nafasi ya kujieleza, usidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha.

Wiki ya nne mwachie duka saa mbili, na umpe jukumu moja lililo lake: kila Ijumaa ahesabu saruji na misumari, akuandikie kilichobaki. Wewe hesabu upya kimyakimya mara ya kwanza.

Siku ya 30 kaeni chini na daftari la hesabu za jioni. Kama upungufu unapungua wiki hadi wiki, anajifunza. Kama unajirudia kwa kiasi kilekile, muulize anavyofanya, hatua kwa hatua, huku akikuonyesha. Na kama umeamua hafai, mwambie kabla mwezi haujaisha: notisi inayotolewa ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7 au zaidi, na siku zote alizofanya kazi analipwa.