Tangi la Chumvi: Kikomo Husema Nini, na Hakisemi Nini

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Kaberebere, njia ya kutoka Mbarara kwenda Nakivale. Anatengeneza maji ya chumvi kwa ng'ombe wake. Tangi lake ni la lita 10,000, na sasa lina lita 2,000 za maji matamu. Pampu inaingiza lita 20 kila dakika, na kila lita ina gramu 6 za chumvi. Hakuna maji yanayotoka.

Tusihesabu ukolezi moja kwa moja. Tuhesabu kwanza chumvi, kisha maji. Baada ya dakika t, chumvi ni gramu 120t, na maji ni lita 2,000 + 20t. Tukigawanya:

C(t) = 120t / (2000 + 20t) = 6t / (100 + t)

Sasa gawanya juu na chini kwa t. Tunapata 6 / (100/t + 1). Kadiri t inavyokua, 100/t inasogea kwenye sifuri, na C inasogea kwenye 6. Hicho ndicho kikomo. Kina maana iliyo wazi: yale maji matamu ya mwanzo yanazidi kuwa sehemu ndogo ya mchanganyiko, hivyo tangi linafanana na kile kinachoingia.

Hapa wengi hukosea. Huandika: "Maji yatakuwa na gramu 6 kwa lita." Hapana. Tangi linajaa baada ya dakika 400, na C(400) = 2400/500 = 4.8. Kanuni yetu inaishia hapo.

Tofauti hiyo si ndogo. Kuanzia gramu 5 kwa lita, miongozo ya maji ya mifugo huanza kutahadharisha kuhusu ng'ombe wenye mimba na wanaokamuliwa. Pampu ikizimwa tangi linapojaa, maji yana gramu 4.8, chini ya mpaka huo.

Je, pampu ikisahauliwa? Maji yaliyochanganyika yanamwagika kwa kasi ile ile ya lita 20. Pengo la kufikia 6, ambalo lilikuwa 1.2, linapungua hivi, s ikiwa dakika tangu tangi lijae:

C = 6 − 1.2e^(−0.002s)

Kikomo ni kile kile 6, lakini mpaka wa gramu 5 unavukwa baada ya dakika 91 hivi.

Hesabu hizi zote zinadai maji yakorogwe vizuri. Maji ya chumvi ni mazito na hukaa chini. Ukipima juu na chini ukapata namba mbili tofauti, usiiamini kanuni bado.

Zoezi: anza na lita 4,000 za maji matamu, mengine yabaki vile vile. Kikomo kitabaki 6. Onyesha kwamba tangi likijaa, ukolezi ni gramu 3.6 tu.