Kibao, bango na redio: lipi limeleta mteja?

Wafanyabiashara wengi wa Tandika na Mbagala wamekwisha kubandika msimbo wa QR dukani, lakini ukiwauliza umewaletea wateja wangapi, hawana jibu. Sababu ni kwamba msimbo mmoja, unaofungua ukurasa wa Instagram, umewekwa kila mahali. Mteja akifika, haijulikani ametokea wapi.

Dawa yake ni kila tangazo kuwa na neno lake. Msimbo ufungue WhatsApp ya duka ukiwa na neno lililokwisha kuandikwa, mteja abonyeze kutuma tu. Anwani huandikwa hivi, namba ikianza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mbele:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=BANGO
```

Cha kibao cha dukani weka KIBAO. Redio haiskaniwi, kwa hiyo mtangazaji ataje namba na kumwambia msikilizaji atume neno REDIO. Unapojibu, ndipo umpe kiungo cha ukurasa wako wenye picha za bidhaa. Punguzo apewe anayeonyesha ujumbe huo kaunta, na muuzaji aandike neno hilo daftarini.

Tuchukue mfano wa duka la vitenge. Kila doti ina faida ya Sh. 8,000, punguzo ni Sh. 2,000, inabaki 6,000. Mabango ya karatasi yamegharimu Sh. 60,000, yakaleta ujumbe 30 na wanunuzi 12 wa doti moja moja. Redio imegharimu Sh. 300,000, ikaleta ujumbe 45 na wanunuzi 10. Kwa kuhesabu ujumbe, redio imeshinda. Lakini mnunuzi wa bango amegharimu Sh. 5,000, wa redio Sh. 30,000. Bango limeacha faida ya Sh. 1,000 kwa kila mnunuzi. Redio imekula Sh. 24,000, labda wanunuzi hao warudi mara tatu zaidi kwa bei kamili.

Hesabu hii ina tundu. Wapo waliosikia redio wakaja bila kutuma neno, hivyo muuzaji aulize kila mgeni. Vilevile wateja wa zamani watalifurahia punguzo kwa kitu ambacho wangenunua hata hivyo. Ni bora liwe la anayenunua mara ya kwanza.

Upana wa msimbo uwe walau sehemu ya kumi ya umbali wa msomaji: aliye mita 2 anahitaji sentimita 20. Abiria wa daladala inayopita Barabara ya Kilwa hataskani chochote, mwandikie namba na neno kwa herufi kubwa. Uache ukingo mweupe kuzunguka msimbo, na uujaribu kwa simu ya bei nafuu kabla ya kulipa mchapaji.

Jambo la mwisho ni stika ya malipo. Duka likiwa na msimbo wa kulipia pembeni ya ule wa ofa, wateja huchanganya. Wa malipo ubaki kaunta, wa ofa ukae mlangoni, na juu yake iandikwe: "Skani upate punguzo, hulipi hapa."