Abaya nyeusi inatoka kijivu kwenye picha? Tumia Pro, ila sio kila siku

Mwezi uliopita nilirudishiwa abaya kutoka Dodoma. Mteja hakuwa na ubaya wowote, aliandika tu: "Dada, mimi niliagiza ile ya kijivu, umenitumia nyeusi." Nikafungua posti yangu nikaiangalia vizuri. Kweli, kwenye picha ni kijivu! Mzigo umeenda na kurudi, nauli ya basi mara mbili ikatoka kwangu, na abaya ya kijivu mimi sijawahi kuwa nayo.

Kosa lilikuwa la kamera kuwa otomatiki, na linampata kila anayeuza vitu vyeusi au vyeupe. Kamera haijui kwamba hii ni abaya. Inaangalia mwanga wote uliopo kwenye fremu na kujaribu kuuweka katikati, usiwe giza wala usiwe mkali. Ukipiga kitambaa cheusi kwa karibu, kikajaza fremu nzima, kamera inasema "hapa kuna giza", inaongeza mwanga, na nyeusi inapauka. Ukipiga kanzu nyeupe inafanya kinyume: inapunguza mwanga, kanzu inaonekana kama imefuliwa na maji ya vumbi. Vitu vya rangi za kati, kama kitenge chenye mchanganyiko au viatu vya kahawia, havisumbui sana.

Hapo ndipo Pro inasaidia. Kwenye Samsung nyingi unafungua kamera, unaenda "More", halafu "Pro". Simu nyingine nayo iko kwenye menyu hiyohiyo ya kamera. Ukiingia, usiogope zile namba. Kwa mwanga unahitaji mbili tu.

Ya kwanza ni shata, imeandikwa "SPEED" au "S". Ni muda ambao kamera inapokea mwanga. 1/50 maana yake sekunde moja igawe mara hamsini, uchukue kipande kimoja. 1/100 ni nusu ya huo muda, kwa hiyo mwanga unaoingia ni nusu. Ya pili ni "ISO", yaani kamera inaukuza mwanga kiasi gani baada ya kuupokea. ISO 200 inatoa picha yenye mwanga mara mbili ya ISO 100, lakini kadiri unavyopanda, chenga zinaongezeka, zile punje punje zinazofanya kitambaa kizuri kionekane cha bei rahisi.

Sasa twende kwenye ile abaya. Niliitundika ukutani karibu na dirisha, asubuhi, jua halijaingia ndani moja kwa moja. Simu nikaiweka kwenye stendi (kabla sijanunua stendi nilikuwa naiegemeza kwenye boksi la viatu, inatosha kabisa). Nikapiga moja kwa otomatiki, nikaifungua kwenye galari na kuvuta juu kuona taarifa zake: ISO 320, shata 1/50. Hizo ndizo namba zilizonipa kijivu. Kwa hiyo nikaingia Pro, shata nikaiacha 1/50, ISO nikaishusha 160, yaani nusu ya mwanga. Abaya ikawa nyeusi, na mikunjo ya kitambaa bado inaonekana. Nikajaribu kushuka zaidi, ISO 80. Hapo ikaharibika: mikunjo imepotea, limebaki doa jeusi lenye umbo la nguo. Nikarudi 160.

Mikunjo ndiyo kipimo chako. Nyeusi ya kweli bado inaonyesha mikunjo na mshono. Ukishaiona imekuwa bapa, umezidisha. Na unapolinganisha picha na nguo yenyewe, mwanga wa kioo cha simu uwe wa wastani. Ukiwa umeupandisha mpaka mwisho, kila picha utaiona ina mwanga wa kutosha, halafu mteja mwenye kioo hafifu anaona giza.

Kwa kanzu nyeupe unaenda upande wa pili. ISO iache chini, ongeza muda: kutoka 1/50 nenda 1/25. Simu iwe imetulia, na weka taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise wakati wa kubonyeza. Simama pale weupe unapong'aa lakini bado unaona uzi wa darizi.

Wale mnaopiga usiku chini ya taa, mmewahi kuona mistari ya giza inakatiza picha? Hiyo inatokana na shata. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde bila macho yetu kuona. Ukiweka shata ya haraka kama 1/500, kamera inaidaka taa katikati ya kupanda na kushuka. Tumia 1/100, 1/50 au 1/25, mistari inaondoka. Ikiwa mwanga umezidi, shusha ISO badala ya kugusa shata. Na usichanganye taa na dirisha: upande mmoja wa nguo utakuwa wa njano, mwingine wa bluu, na hakuna kitufe cha kurekebisha pande zote mbili kwa pamoja.

Fokasi ni fupi zaidi. Kitambaa cheusi kisicho na maua kinaichanganya kamera, inakuwa inaenda mbele na kurudi, mwisho inatoa ukungu. Kwenye Pro gusa "FOCUS" au "MF", kisha sogeza kitelezi polepole kati ya alama ya ua (karibu) na ya mlima (mbali). Simu nyingine zinachora rangi kwenye kingo zilizo kali; ukiona rangi imekaa juu ya nakshi, piga. Ikigoma hata ukifika mwisho kwenye ua, umesogea karibu mno. Rudi nyuma kidogo, piga, halafu kata picha.

Lini uachane na Pro? Mtu akitembea au kugeuka akiwa amevaa, acha otomatiki ifanye kazi, maana kwa 1/50 pindo lote litakuwa ukungu. Ukiwa Kariakoo unapiga mzigo dukani umeshika simu mkononi na mwanga ni hafifu, otomatiki inakushinda kabisa: simu nyingi za sasa zinapiga picha kadhaa haraka na kuziunganisha kuwa moja safi, wakati Pro mara nyingi inapiga moja tu yenye chenga. Na mtu akisimama mlangoni, jua liko nyuma yake, otomatiki inajua kuokoa uso na nje kwa pamoja. Mimi Pro naitumia kwa vyeusi, vyeupe, na nikiwa na nguo kumi ninazotaka zote zifanane mwanga.

Kuna simu za bei ya chini ambazo Pro yake haina shata wala fokasi, na kamera ya kawaida ya aifoni haina Pro. Msijali. Gusa nguo kwenye kioo, shikilia kidole mpaka ijifunge (kwenye aifoni inaandika "AE/AF LOCK"), halafu vuta alama ya jua kwenda chini kwa nyeusi, juu kwa nyeupe.

Halafu ukimaliza, rudisha namba kwenye "Auto". Simu nyingi zinakumbuka ulichoweka jana. Mimi niliwahi kutoka nje juani na 1/25 yangu ya jana usiku, picha kumi na mbili zote nyeupe kama karatasi, na mwenye nguo alishazifunga na kuondoka nazo.