Mwalimu Anayehamia Kwenye Miradi: Mistari Minne ya Juu ya Wasifu

Mwalimu ana mihtasari mingi maishani. Upo muhtasari wa somo anaofundishia, na upo muhtasari wa kikao anaouandika akiwa katibu. Huu ninaouzungumzia ni wa tatu: mistari minne au mitano inayokaa juu kabisa ya wasifu wa kazi, chini ya jina na namba ya simu, kabla ya elimu na orodha ya kazi ulizofanya. Anayechambua maombi huanza hapo. Kwa mtu aliyefanya kazi ya miradi tangu mwanzo, mistari hiyo hata ikikosekana, vyeo vilivyo chini yake vitamsemea. Kwa mwalimu haviwezi. Chini pameandikwa "Mwalimu wa Hisabati na Jiografia", na msomaji ambaye hajaambiwa sababu ya kuendelea atachukua ombi linalofuata.

Nimekaa mara kadhaa kwenye meza ya uchambuzi wa maombi ya nafasi za mradi, na maombi ya walimu nayatambua kwa muhtasari wa namna hii:

"Mwalimu mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari, mwenye uwezo wa kufanya kazi kwa bidii bila kusimamiwa. Natafuta nafasi ya kukuza kipaji changu katika usimamizi wa miradi."

Sina shaka kwamba aliyeandika ni mchapakazi. Lakini sifa hizo kila mwombaji anazo kwenye karatasi, na sentensi ya pili inaeleza anachotafuta yeye. Mwajiri bado hajaambiwa atakachopata.

Walimu waliokwisha kuambiwa hivyo huhamia kosa la pili, ambalo ni gumu kuliona. Wanachukua kazi za darasani na kuzivisha majina ya miradi. Azimio la kazi linakuwa "mpango wa mradi", wanafunzi wanakuwa "wadau", mtihani wa muhula unakuwa "tathmini ya matokeo". Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mradi una mwanzo na mwisho, una fedha yake, na ukiisha unaacha kitu ambacho hakikuwepo. Kufundisha Kidato cha Pili hakuna mwisho wa namna hiyo, maana Januari wanaingia wengine na kazi inaanza upya. Ni kazi ya kudumu, yenye ustadi mkubwa, ila si mradi, na mtu aliyesimamia miradi ataona tofauti hiyo kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Kwa hiyo acha kubadilisha majina. Tafuta katika miaka yako ya ualimu kazi moja iliyokuwa mradi kweli.

Kwa walimu wengi wa Tanzania kazi hiyo ipo, na wameisahau kwa sababu haikuwa "somo". Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilipeleka fedha za kujenga madarasa 15,000, na kwa shule za sekondari kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Sehemu kubwa ya ujenzi ilifanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule yenyewe hununua vifaa na kuwalipa mafundi badala ya kumpa mkandarasi kazi yote. Utaratibu huo unadai kamati: ya ujenzi, ya manunuzi, na ya mapokezi. Kamati hizo zilijaa walimu. Mtu aliyehesabu mifuko ya saruji huku akiangalia kalenda ya Januari amefanya kazi ya mradi, hata kama barua yake ya ajira inasema mwalimu daraja fulani. Ambaye hakupita kwenye ujenzi aangalie kwingine: kuanzisha mpango wa chakula shuleni, kuratibu mitihani ya utamilifu ya kata nzima, kuhamisha kumbukumbu za shule kutoka kwenye majalada kwenda kwenye kompyuta.

Tumchukue mwalimu wa mfano. Amefundisha sekondari mkoani Morogoro kwa miaka 8, miaka 4 kati ya hiyo akiwa mtaaluma. Ameona tangazo la mratibu msaidizi wa mradi wa vyoo na maji mashuleni. Tangazo linataka mtu wa kuandaa ratiba za kazi, kufuatilia matumizi ya vifaa, kuwasiliana na halmashauri na kuandika taarifa. Mwaka 2021 alikuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa madarasa mawili.

Kabla hajaandika sentensi yoyote, akae na daftari na ajibu maswali matano kuhusu ujenzi ule. Fedha ilikuwa kiasi gani? Shilingi milioni 40. Muda? Wiki tisa. Watu? Mafundi na vibarua 14, wajumbe wa kamati, na mhandisi wa wilaya aliyekuja kukagua. Kilichobaki? Madarasa mawili, yaliyokamilika siku 6 kabla ya shule kufunguliwa. Swali la tano ndilo linalowashinda wengi: wewe hasa ulifanya nini?

Kishawishi hapa ni kuandika "nilisimamia ujenzi wa madarasa mawili". Hakusimamia. Mkuu wa shule ndiye aliyekuwa na dhamana ya fedha na ndiye aliyetia saini. Kununua ilikuwa kazi ya kamati ya manunuzi, na kupokea vifaa ilikuwa kazi ya kamati ya mapokezi. Zilitenganishwa makusudi, ili anayenunua asiwe ndiye anayethibitisha kwamba kilichonunuliwa kimefika. Katibu akijitwisha yote hayo, swali moja tu kwenye usaili litamfichua: "Nani alikuwa anaidhinisha malipo?" Akisema mkuu wa shule, muhtasari wake umeonekana wa uongo. Akisema ni yeye, amekiri kuvunja utaratibu.

Alichofanya ni hiki: alitunza ratiba ya mafundi na kuirekebisha, alilinganisha vifaa vilivyotumika na mchanganuo wa vifaa na gharama, na aliandika taarifa ya maendeleo iliyopelekwa halmashauri kila wiki. Mambo matatu, na yote yamo kwenye tangazo. Cheo cha katibu, ambacho alidhani ni kidogo, kinafanana na nafasi anayoomba kuliko cheo cha mkuu wa shule.

Sasa aandike. Muhtasari wake utakuwa hivi:

"Mwalimu wa sekondari mwenye uzoefu wa miaka 8, ninayehamia uratibu wa miradi ya miundombinu ya shule. Nikiwa katibu wa kamati ya ujenzi mwaka 2021, niliratibu ratiba ya mafundi na vibarua 14, nilifuatilia matumizi ya vifaa na kuandika taarifa za kila wiki kwa halmashauri, katika ujenzi wa madarasa 2 wa shilingi milioni 40 uliokamilika siku 6 kabla ya shule kufunguliwa. Kwa miaka 4 kama mtaaluma nilipanga na kufuatilia kazi za walimu 22. Nimeanza mafunzo ya usimamizi wa miradi kwa ajili ya mtihani wa CAPM."

Sentensi ya kwanza inataja atokako na aendako kwa pamoja. Wapo wanaoshauri neno "mwalimu" lifichwe mpaka chini. Sikubaliani nao. Msomaji atalikuta tu mistari michache baadaye, na atajiuliza kwa nini lilifichwa. Tena kwa mradi unaofanyika mashuleni ualimu ni faida, kwa kuwa mtu huyu anajua shule hufungwa lini na afisa elimu kata hupitiwa vipi.

Sentensi ya pili ndiyo ndefu, na inastahili, maana ndiyo inayobeba ushahidi. Angalia mpangilio wake: nafasi aliyokuwa nayo, alichofanya, ukubwa wa kazi, mwisho wake. Milioni 40 imeunganishwa na ujenzi, haikuunganishwa na yeye. Hakuandika "nilisimamia milioni 40".

Sentensi ya tatu inathibitisha kwamba kupanga kazi za watu hakukuwa tukio la wiki tisa tu. Ndipo pa kuutumia ualimu wenyewe, lakini kwa ufupi. Idadi ya wanafunzi na wastani wa ufaulu vikae chini kwenye orodha ya kazi.

Ya nne inahusu mafunzo, na hapa inahitajika tahadhari. CAPM ni cheti cha wanaoanza: kinadai saa 23 za mafunzo ya usimamizi wa miradi na mtihani, bila uzoefu wa kazi. PMP ni kingine kabisa. Mwenye shahada hutakiwa aonyeshe miezi 36 ya kuongoza miradi, na wiki tisa za ukatibu hazifiki hata karibu. Anayeandika kwamba anajiandaa kwa PMP wakati ndiyo kwanza anatoka darasani anamwambia msomaji kuwa hajasoma masharti yake. Kama hujaanza mafunzo yoyote, ifute sentensi hii.

Kuhusu nafsi, Kiswahili hakiruhusu kitenzi cha wakati uliopita kikae bila kiambishi cha nafsi, kwa hiyo "niliratibu" ndiyo sahihi. Kujiandikia "aliratibu" husikika kama mtu mwingine anakusifu. Matangazo mengi ya mashirika hutaka wasifu wa Kiingereza, na huko desturi ni kuanza na kitenzi moja kwa moja bila kiwakilishi cha nafsi. Bado nashauri uandike kwanza kwa Kiswahili. Ukweli wa ulichofanya huonekana upesi katika lugha uliyoitumia siku ile kwenye eneo la ujenzi, na maneno makubwa hukosa pa kujificha.

Kipimo cha muhtasari uliokamilika ni usaili. Chukua kila kitenzi ulichoandika, na ujiulize kama una dakika mbili za maelezo nyuma yake. "Niliratibu ratiba ya mafundi": je, ratiba iliwahi kuvurugika? Mwalimu wetu anakumbuka kwamba mabati yalichelewa siku 9, mafundi wakahamishiwa kwenye fremu za madirisha na lipu ya nje ili wasikae bure, na mabati yalipofika wakarudi kwenye paa. Kisa hicho hakiingii kwenye muhtasari, hakuna nafasi. Lakini kwa sababu anacho, neno "niliratibu" ni halali yake. Kitenzi kisicho na kisa nyuma yake kiondoe.

Na muhtasari huu hautumwi kila mahali. Wiki inayofuata akiona tangazo la afisa ufuatiliaji na tathmini wa mradi wa elimu, sentensi ya kwanza itabadilika ili itaje ufuatiliaji, na ujenzi utashuka kuwa sentensi fupi ya tatu. Nafasi ya pili itachukuliwa na kazi ya utaaluma, iliyoandikwa kwa jicho jingine: "Kwa miaka 4 kama mtaaluma nilikusanya na kuchambua matokeo ya wanafunzi 480 kila muhula, na kuandaa taarifa iliyotumiwa na bodi ya shule kuamua masomo ya kuongezewa vipindi."